Mbegu za mahindi ya haibridi ukizirudia: maswali ya mkulima, majibu ya mtafiti

Maswali haya ni ya mama mmoja anayelima mahindi upande wa Cherangany, Trans Nzoia. Aliyeyajibu ni mtafiti anayetengeneza aina mpya za mahindi Kitale. Nimeyaacha yafuatane kama yalivyoulizwa, kwa sababu kila jibu lilizaa swali jingine. Pale nilipoona msomaji anaweza kupotea nimeongeza maneno yangu machache.

Mbegu nilizotunza ziliota zote. Mbona mavuno yalishuka?

Mkulima: Daktari, nilinunua haibridi, nikapanda ekari moja, nikavuna magunia 26. Nikatenga mbegu kutoka shamba hilohilo, nikazihifadhi vizuri, bila fukusi hata mmoja. Msimu uliofuata zikaota karibu zote. Mbolea ni ileile, DAP wakati wa kupanda na CAN baadaye. Nikavuna magunia 17. Kosa langu liko wapi?

Mtafiti: Mama, kazi yako ya shambani haina kosa. Kuota kunaonyesha kwamba mbegu ni hai. Hakukwambii itazaa kiasi gani. Chembe ulizonunua na chembe ulizotunza ni mimea tofauti, ingawa kwa macho zinafanana kabisa. Ulizotunza ni watoto wa zile ulizonunua, na watoto hao hawakuchukua kwa wazazi wao jambo moja ambalo ndilo lililokupa magunia 26.

Mkulima: Jambo gani hilo?

Mtafiti: Kuwa na wazazi wawili tofauti kabisa. Haibridi si aina ya mahindi kama zile za bibi zetu, ambazo unapanda mwaka huu na mwakani zinarudi zilezile. Haibridi ni matokeo ya kukutanisha koo mbili, na kukutana huko hufanywa upya kila mwaka kwenye mashamba ya mbegu.

Koo hizo zinatengenezwaje?

Mtafiti: Tunachukua mmea mmoja wa mahindi, tunafunika mbelewele kwa mfuko wa karatasi, tunafunika na hindi kabla nywele hazijatoka, kisha tunamwagia nywele zake chavua ya mmea huohuo. Mwaka unaofuata tunapanda chembe zake na kurudia. Baada ya vizazi kama sita hadi nane, mimea yote ya ukoo huo inakuwa sawasawa. Kila jeni ipo kwenye mmea kwa nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba, na katika ukoo safi nakala hizo mbili zimekuwa sawa.

Mkulima: Na mimea hiyo inakuwa mizuri?

Mtafiti: Inakuwa dhaifu. Mifupi, majani membamba, hindi dogo. Mahindi kwa asili huchavushana, na ndani yake yamebeba nakala nyingi mbovu ambazo hazionekani kwa kuwa kando ya kila moja ipo nakala nzima inayofanya kazi. Ukiyalazimisha kujichavusha, nakala mbovu zinakutana mbili mbili, na udhaifu unajitokeza. Mmarekani George Shull alilionyesha hilo mwaka 1908. Halafu akaonyesha jambo la pili: ukichavusha ukoo dhaifu mmoja kwa chavua ya ukoo dhaifu mwingine usiohusiana nao, watoto wanatoka na nguvu kuliko wazazi wote wawili. Pale ambapo mama ana nakala mbovu, baba huenda ana nzima, na pale baba alipoharibikiwa, mama anafunika.

Mkulima: Nimewahi kufanya kibarua cha kung'oa mbelewele kwenye shamba la mbegu. Mistari mingine tuling'oa yote, mingine tukaambiwa tusiiguse. Nilishangaa mahindi yale yalivyokuwa madogo.

Mtafiti: Ulikuwa umesimama katikati ya wazazi. Mistari mliyong'oa ndiyo mama, maana bila mbelewele haiwezi kujichavusha, inapokea chavua ya mistari ya baba tu. Chembe zilizovunwa kwenye mistari ya mama ndizo zilizowekwa kwenye pakiti. Zile za baba haziuzwi kuwa mbegu.

Mimi sikuyalazimisha kujichavusha. Upepo ulichanganya shamba zima. Si hiyo ni dawa tosha?

Hili naliona ndilo swali zito kuliko yote, kwa sababu wakulima wengi hufikiri hivi, na kufikiri hivyo kuna mantiki.

Mtafiti: Ingekuwa dawa kama mimea ya shamba lako ingekuwa tofauti. Lakini kama haibridi yako ilitokana na koo safi mbili, kila mmea ulipata seti ileile kutoka kwa mama na seti ileile kutoka kwa baba. Ndiyo maana shamba lilikuwa limesimama sawa, mbelewele zikatoka karibu siku moja, na mahindi yakawa kimo kimoja kutoka chini. Sasa upepo ukichukua chavua ya mmea huu na kuipeleka kwa jirani yake, jirani huyo ana jeni zilezile. Kwa hesabu ya urithi ni kama mmea umejichavusha mwenyewe.

Mkulima: Basi watoto wote wangefanana tena na wazazi wao.

Mtafiti: Hapana, na hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Chukua jeni moja. Haibridi yako ina nakala nzima kutoka upande mmoja na nakala mbovu kutoka upande wa pili. Inapotengeneza chavua, kila chembe ya chavua inabeba nakala moja tu, nusu ya chavua inabeba nzima na nusu inabeba mbovu. Na upande wa mayai, kule ambako kila unywele wa hindi unaanzia, ni vivyo hivyo. Zikikutana bila mpango, katika kila watoto wanne mmoja hupata nzima mbili, wawili hupata moja moja kama mzazi, na mmoja hupata mbovu mbili. Huyo wa nne ameanza kurudi kwenye udhaifu wa ukoo.

Mkulima: Mmoja kati ya wanne si mbaya sana.

Mtafiti: Kwa jeni moja. Lakini mavuno yanategemea jeni nyingi mno. Tuhesabu mimea ambayo imebaki kama mzazi wake kila mahali. Kwa jeni moja ni nusu. Kwa jeni mbili ni nusu ya nusu, yaani robo. Kwa jeni 10 zinazorithiwa kila moja kivyake, ni mmea mmoja kati ya 1,024. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 25, ekari ina mimea karibu 21,000, kwa hiyo utapata kama 20 tu. Kwa jeni 20 ni mmoja kati ya zaidi ya milioni moja, yaani utafute ekari kama 50 upate mmoja. Na hata ukiupata, chembe zake zitatawanyika tena vilevile msimu unaofuata.

Nilichagua mahindi makubwa kuliko yote. Haikusaidia hata kidogo?

Mtafiti: Kwa urithi, haikusaidia. Katika shamba la haibridi ya koo mbili, hindi kubwa na hindi dogo yametoka kwenye mimea iliyo sawa kwa jeni. Hindi kubwa lilipata mbolea zaidi, au jirani yake hakuota likapata nafasi na mwanga. Watoto wa hindi kubwa na wa hindi dogo watatawanyika kwa namna ileile. Ulichopata kwa kuchagua ni chembe nono, na chembe nono huupa mche mwanzo mzuri wa wiki chache.

Mkulima: Lakini mahindi ya kienyeji marehemu mama yangu alichagua hivyo, na yakazidi kuwa mazuri.

Mtafiti: Kwa sababu shamba lake lilikuwa na mimea tofauti kwelikweli. Pale uchaguzi una cha kuchagua.

Mbona baba alirudia haibridi miaka ya zamani na hakuona hasara kubwa?

Mkulima: Baba alipanda H611. Alikuwa akinunua mwaka mmoja, anarudia mwaka wa pili, na hakulalamika sana.

Mtafiti: Mzee hakukosea kuona hivyo. H611 ilitolewa Kitale mwaka 1964, na haikutokana na koo safi mbili. Upande mmoja ilikuwa Kitale Synthetic II, iliyotokana na mahindi meupe yaliyokuwa yakilimwa hapa Kenya. Upande wa pili ilikuwa Ecuador 573, mahindi yaliyoletwa kutoka nyanda za juu za Ecuador. Kila upande ulikuwa kundi la mimea mbalimbali inayochavushana, si ukoo uliodhoofishwa kwa kujichavusha.

Mkulima: Kwa hiyo wazazi wake walikuwa wanazaa vizuri wenyewe.

Mtafiti: Ndiyo. H611 ilizaa kuliko wazazi wake, na ilipendwa haraka kwa sababu hiyo. Ukiirudia unapoteza nusu ya ile nyongeza, kama ilivyo kwa haibridi ya koo mbili. Tofauti ni kwamba nyongeza yenyewe ilihesabiwa juu ya wazazi wenye nguvu, kwa hiyo nusu yake si pengo la kutisha. Haibridi yako ya leo nyongeza yake imehesabiwa juu ya koo dhaifu. Imepanda juu zaidi, na inashuka umbali mrefu zaidi.

Naongeza hapa kwamba jibu hili limenifungua macho kuhusu ubishi wa wazee na vijana wao juu ya kurudia mbegu. Wote wanaweza kuwa wanasema walichokiona, kila mmoja kwa mbegu ya wakati wake.

Nitapoteza kiasi gani hasa?

Mtafiti: Kuna hesabu ya zamani, aliifanya Mmarekani Sewall Wright, mtaalamu wa urithi, miaka ya 1920. Chukua mavuno ya haibridi, toa wastani wa mavuno ya koo wazazi zikipandwa peke yake. Unachopata ndiyo nyongeza ya kukutana. Ukirudia mbegu ya koo mbili, unapoteza nusu ya nyongeza hiyo. Haibridi yako ilitoa magunia 26. Tuseme koo zake zingetoa magunia 8 kwa ekari. Nyongeza ni 18, nusu yake ni 9, na 26 ukitoa 9 unabaki na 17.

Mkulima: Ndiyo niliyovuna!

Mtafiti: Usiichukue kama ushahidi, mama. Mavuno ya koo nimeyakadiria, na misimu miwili haina mvua moja. Nataka uone tu kwamba mshuko wa namna hiyo hauhitaji mchawi wala kosa la mkulima.

Mkulima: Na haibridi za aina nyingine?

Mtafiti: Nyingine hutengenezwa kwa koo tatu: mbili zinakutanishwa kwanza, mtoto wao anakuwa mama, na ukoo wa tatu unakuwa baba. Hapo kurudia kunapoteza sehemu tatu katika nane za nyongeza. Kwa namba zetu zilezile ungebaki na magunia 19 na kidogo. Za koo nne hupoteza robo, ungebaki na 21 na nusu. Kadiri wazazi wanavyoongezeka ndivyo chembe mbili zinazokutana zinavyokuwa na nafasi ndogo ya kubeba nakala iliyotoka ukoo mmoja.

Kila mwaka nikirudia, yatazidi kushuka mpaka yaishe?

Mtafiti: Wengi huamini hivyo, lakini sivyo. Mshuko mkubwa ni wa kizazi cha kwanza cha kurudia. Baada ya hapo, kama shamba ni kubwa na unachukua mbegu kutoka mimea mingi inayochavushana, mavuno hukaa karibu palepale. Ile hesabu ya mmoja, wawili, mmoja hujirudia bila kubadilika.

Mkulima: Lakini majirani wanasema mwaka wa tatu huwa mbaya zaidi.

Mtafiti: Huwa hivyo kwa sababu nyingine. Mtu anatunza mahindi 15 tu, mwaka unaofuata shamba zima ni ndugu wa karibu, na nakala mbovu zinaanza kukutana upya. Au mbegu imebeba magonjwa ya kuoza. Ukitunza kutoka mahindi mengi, hasara hiyo ya ziada unaweza kuiepuka, lakini ile ya kwanza huwezi.

Nitatambuaje shambani kwamba mbegu ni ya kurudiwa?

Mtafiti: Tembea shambani wakati mbelewele zinatoka. Haibridi halisi ya koo mbili hutoa mbelewele karibu kwa pamoja. Iliyorudiwa huchelewana, mimea mingine imeshamaliza kumwaga chavua na mingine haijaanza. Angalia kimo: mirefu na mifupi imesimama ubavu kwa ubavu kwenye mstari mmoja, ingawa udongo ni uleule. Mahindi yamebebwa vimo tofauti. Kuna mimea isiyo na hindi kabisa. Na ugonjwa wa majani ukiingia, mmoja unakauka huku jirani yake ni wa kijani.

Mkulima: Je, nikiona hivyo kwenye mbegu niliyonunua?

Mtafiti: Ile ya koo tatu au nne huwa na tofauti ndogo ndogo, hiyo ni kawaida. Lakini shamba likiwa limevurugika kabisa, shuku kwamba mtu alifunga nafaka kwenye pakiti. Ndiyo maana pakiti ina stika ya kukwaruza ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu. Ihakiki kabla hujapanda, na utunze pakiti na risiti. Ukiwa na chembe mkononi, macho hayawezi kutofautisha.

Kampuni hazikuziharibu mbegu makusudi ili turudi dukani?

Mtafiti: Hazikuwekwa kitu. Kutawanyika huku ni tabia ya mahindi yenyewe, na kungetokea hata kama wewe na mimi tungezitengeneza nyuma ya nyumba yako. Haibridi pia si mbegu iliyobadilishwa jeni maabara. Ila ni kweli kwamba tabia hii inawafaa wauzaji, kwa kuwa mkulima hurudi kununua. Hilo sikufichi.

Naweza kutengeneza haibridi yangu?

Mtafiti: Kibarua unakijua. Usichokuwa nacho ni koo wazazi. Hizo haziuzwi, na hata ungezipata ungehitaji kuzitunza kila mwaka mbali na mahindi mengine.

Kuna wakati ambapo kurudia ni busara?

Mtafiti: Fanya hesabu kwa magunia. Ekari inahitaji kama kilo 10 za mbegu. Chukua bei ya kilo hizo, igawe kwa bei ya gunia la kilo 90 wakati unapouza. Jibu ni idadi ya magunia ambayo mbegu mpya lazima iyarudishe. Mtu anayevuna 26 akipoteza hata 6 tu kwa kurudia, kwa kawaida mbegu mpya inajilipa mara kadhaa. Lakini mtu asiye na mbolea, anayevuna magunia matano, hasara yake ya kurudia inaweza kuwa gunia moja na nusu. Hapo pengo ni dogo, na mvua ikikatika mapema anaweza asirudishe hata bei ya pakiti. Simlaumu mtu huyo akirudia. Ningemshauri tu atafute aina ya mahindi iliyokusudiwa kurudiwa.

Mkulima: Kama zipi?

Mtafiti: Zile zinazochavushana huru. Katumani ni mfano unaojulikana, ingawa ilitengenezwa kwa maeneo makavu kama Machakos na Makueni, si kwa Cherangany. Uliza zinazofaa kimo cha kwenu. Mavuno yake kwa kawaida huwa chini ya haibridi mpya, lakini ukizitunza vizuri zinarudi zilezile.

Mkulima: Kutunza vizuri ni kufanya nini?

Mtafiti: Zipande mita 200 au zaidi kutoka mahindi mengine, au zichelewe wiki tatu hadi nne ili zisitoe mbelewele pamoja na za jirani. Weka alama kwenye mimea mizuri ikiwa bado imesimama, yenye afya, isiyoanguka, na iliyozungukwa na majirani pande zote, ili usidanganywe na mmea uliokuwa na nafasi ya ziada. Acha mistari ya pembeni. Vuna kama mahindi 200, na toa chembe za katikati, kiasi kilekile kutoka kila hindi, kama 150. Hizo ni chembe 30,000, karibu kilo 10. Hapo uchaguzi wako utakuwa na maana, kama wa marehemu mama yako.

Bado ninayo mahindi niliyotenga kwa mbegu. Nifanye nini nayo msimu huu?

Mtafiti: Kama hukuyatia dawa yenye sumu, mengi uyale au uyauze. Bakisha gorogoro moja. Machi au Aprili, mvua ikishika, tafuta sehemu ya shamba iliyo sawa, isiyo na mteremko wala kivuli. Panda mistari minne ya mbegu mpya, minne ya hizi zako, kisha rudia hivyo upande mwingine wa shamba. Siku moja, nafasi moja, mbolea ya kipimo kimoja. Wakati wa kuvuna acha mstari wa kila pembeni, pima miwili ya kati ya kila fungu, ukiwa umeyapukuchua na kuyakausha sawa.

Mkulima: Kwa nini mara mbili?

Mtafiti: Kwa sababu udongo hubadilika ndani ya ekari moja. Fungu moja likishinda mara moja, huenda liliangukia mahali palipowahi kuwa boma la ng'ombe. Likishinda pande zote mbili, unaweza kuliamini zaidi. Nipigie simu siku mbelewele zitakapoanza kutoka, nije tuhesabu pamoja mimea iliyochelewa.